Bahasha ya methotrekseti imeandikwa "4×1", na mtoto amepewa Ijumaa na Jumamosi

Mama Nasra (Arua), Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Habari zenu nyote. Binti yangu ana miaka 7, uzito wake ni kilo 20 na urefu wake sentimita 115. Tangu mwaka jana anatibiwa baridi yabisi ya watoto, iliyoshika magoti yote mawili na kifundo cha mguu wa kushoto. Daktari bingwa wa Kampala alimwanzishia methotrekseti, vidonge 4 vya miligramu 2.5 kila Ijumaa jioni, na kidonge kimoja cha asidi ya foliki cha miligramu 5 kila Jumapili.

Dawa za awali tulipewa hospitalini zikiwa katika pakiti zake. Safari hii zilikuwa zimekwisha, nikanunua katika duka la dawa hapa mjini. Muuzaji alihesabu vidonge kutoka kwenye kopo, akavitia katika bahasha mbili ndogo, na juu ya bahasha ya methotrekseti akaandika "4×1", juu ya ile ya foliki akaandika "1×1". Ijumaa nilimpa mtoto mwenyewe. Jumamosi nilikwenda mazishini Nebbi na kulala huko, bibi yake akasoma bahasha kama ilivyoandikwa, akampa vidonge 4 vingine jioni. Leo asubuhi nimerudi na kuhesabu, vimepungua vidonge 8.

Mtoto hana homa, amekunywa uji wake wote na sasa yuko uani anacheza. Naomba kuuliza mambo matatu. Je, nimpeleke hospitali leo hii ingawa haonyeshi dalili yoyote? Foliki ya leo nimpe kidonge kimoja kama kawaida, au niongeze ili kuipunguza nguvu methotrekseti iliyozidi? Na Ijumaa ijayo nimpe dawa au nisimpe?

Baba Kato (Jinja), Jumapili, saa 4:35 asubuhi

Pole sana, Mama Nasra. Mimi ni mtu mzima na ninatumia dawa hiyohiyo kwa ajili ya viungo vya mikono, vidonge 6 kwa wiki. Vilikuwa vikinichafua tumbo kiasi cha kutapika, ndipo daktari wangu akaniruhusu nigawanye, vitatu asubuhi na vitatu jioni ya siku ileile, na tangu hapo nimepata nafuu kubwa. Kwa uzoefu huo ninaamini kwamba kinachoumiza ni kumeza vingi kwa mpigo, na kwamba hata mtoto angekuwa anameza kimoja kimoja kila siku mwili wake ungezoea kuliko kupigwa na vidonge vinne kwa pamoja. Mpe maji mengi, mwangalie siku mbili tatu, halafu uendelee.

Mfamasia Mstaafu (Kampala), Jumapili, saa 4:50 asubuhi

Mama Nasra, nakujibu kwanza wewe, Baba Kato nitamrudia. Mpeleke mtoto hospitali leo, usisubiri kesho, na usimpe kidonge kingine cha methotrekseti mpaka daktari anayemfahamu aseme. Beba bahasha zote mbili pamoja na vidonge vilivyobaki ndani yake, beba na pakiti tupu ya zamani kama bado unayo, kwa sababu daktari atataka kuona kwa macho yake kwamba kilichomo ni kidonge cha miligramu 2.5 na si cha miligramu 10, ambacho nacho kipo sokoni. Ukifika mapokezi usiseme tu kwamba mtoto amezidishiwa dawa. Sema jina la dawa, sema miligramu 10 Ijumaa jioni na miligramu 10 Jumamosi jioni, na sema kwamba alipaswa kupata mara moja tu kwa wiki.

Kutokuwa na dalili leo hakukuambii lolote. Dawa hii ikizidi haimwangushi mtoto siku hiyohiyo kama sumu ya panya. Kazi yake ni kuziba njia ambayo seli huitumia kuigeuza foliki kuwa kitu kinachofaa kwa kujigawa, kwa hiyo zinazoumia mapema ni zile zinazogawanyika haraka kuliko nyingine, yaani seli za uboho zinazotengeneza damu, utando wa mdomo na utando wa utumbo. Chembe za damu zilizokwisha kutengenezwa zinaendelea kuzunguka mwilini siku kadhaa, na wakati huo mtoto anaonekana mzima kabisa, ilhali kiwandani uzalishaji umesimama. Madhara huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya pili.

Sasa niseme nawe, Baba Kato. Ulichoruhusiwa na daktari wako ni sahihi, maana kugawa dozi ya wiki ndani ya siku moja kunawasaidia baadhi ya wagonjwa wenye kichefuchefu. Ila hitimisho ulilolitoa limegeuka kichwa chini, na ndilo linalowaua watu. Methotrekseti ikishaingia katika seli hubadilishwa umbo na kunaswa humo ndani siku nyingi baada ya kupungua katika damu, ndiyo maana dozi moja inatosha kutuliza viungo kwa wiki nzima. Siku zinazobaki kati ya Ijumaa na Ijumaa ndizo seli zenye afya zinazotumia kujirekebisha. Ukimpa mtoto kidogo kidogo kila siku umeziondoa siku hizo zote, na seli hazipati mwanya wa kupumua hata mara moja. Kwa sababu hiyo miligramu 20 zilizomezwa kwa pamoja kwa bahati mbaya, kwa mtu mwenye figo nzima, kwa kawaida zina hatari ndogo kuliko miligramu chache zinazorudiwa kila siku kwa siku nyingi. Muda ambao dawa inakaa mwilini unaumiza zaidi kuliko wingi wa vidonge vya mara moja, na mwili hauizoei kamwe kwa njia hiyo unayoidhania.

Mama Nasra, kwa mtoto mwenye figo nzuri, siku mbili mfululizo kwa kawaida huisha salama. Nakuhimiza uende leo kwa sababu hatujui hali ya figo zake leo, na kwa sababu dawa ya kuzuia madhara hufanya kazi vizuri inapowahiwa.

Mama Apio (Lira), Jumapili, saa 5:20 asubuhi

Mwanangu ana ugonjwa wa selimundu na amekuwa akinywa foliki ya miligramu 5 kila siku tangu alipokuwa mdogo, wala haijamdhuru. Ni kidonge kidogo cha manjano na hakina tatizo lolote. Kwa hiyo nashangaa kwa nini mtoto wa baridi yabisi apewe kimoja tu kwa wiki. Kama methotrekseti inaizuia foliki, basi ampe foliki nyingi leo, hata vidonge vitano, mambo yatajisawazisha.

Bwana Odongo (Tororo), Jumapili, saa 5:31 asubuhi

Samahani, hivi methotrekseti si dawa ya saratani? Mama Nasra, walikuambia wazi kama mtoto ana saratani ya mifupa? Dada yangu alitibiwa nayo kwa drip kubwa kabisa na alilazwa.

Nesi wa Bwera (Kasese), Jumapili, saa 6:05 mchana

Bwana Odongo, dawa ni hiyohiyo, kipimo ni tofauti kabisa. Kwenye saratani hutolewa kwa mamia au hata maelfu ya miligramu, mgonjwa akiwa wodini na dawa ya kumwokoa ikiwa imeandaliwa tayari kabla ya kuanza. Kwenye viungo tunazungumzia miligramu kumi na kitu kwa wiki, za kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia magoti ya mtoto. Tusimtie mama wa watu hofu isiyokuwapo, anayo ya kumtosha.

Mama Nasra, nina swali ambalo nisingependa lipite: je, mtoto amepewa Septrini wiki hii au iliyopita, kwa kikohozi, kuharisha au jambo jingine lolote? Hapa kwetu Septrini ni dawa ambayo kila nyumba inayo, na mtu humpa mtoto bila kufikiri mara mbili. Ndani yake mna viambato viwili. Kimoja huziba njia ileile ya foliki, na kwa pamoja huongeza uzito wa methotrekseti juu ya uboho hata pale dozi ya wiki ilipokuwa sahihi. Fansidari nayo ni ya ukoo huo. Pia eleza kama ametapika au kuharisha, kwa sababu mtoto aliyekaukiwa maji figo zake huitoa methotrekseti polepole.

Mama Nasra (Arua), Jumapili, saa 6:20 mchana

Asanteni. Septrini hakupewa. Anatumia ibuprofeni asubuhi na jioni, daktari wa Kampala anaijua na ndiye aliyeiandika. Tuko njiani kwenda hospitali. Foliki sijampa bado, ninasubiri jibu lenu.

Mfamasia Mstaafu (Kampala), Jumapili, saa 6:40 mchana

Ibuprofeni mtajie daktari, hasa saa ya mara ya mwisho. Huenda akaisimamisha siku chache ili figo zisibebeshwe mzigo. Foliki ya leo mpe kidonge chake kimoja kama siku zote, haitamdhuru, lakini usiitegemee kuwa ndiyo tiba.

Mama Apio, umesema kweli kwamba foliki yenyewe ni dawa ya upole, na kwa mwanao ni sahihi kuipata kila siku, kwa sababu mwili wake unatengeneza damu mpya kwa kasi isiyo ya kawaida. Hata hivyo haiwezi kumwokoa mtu aliyezidishiwa methotrekseti, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Foliki ya kidonge ikifika mwilini lazima ipitie kwenye mlango fulani ndipo igeuzwe kuwa umbo linalotumika, na mlango huo ndio uliofungwa na methotrekseti. Ukiongeza vidonge vitano, unaongeza watu wa kupanga foleni mbele ya mlango uliofungwa. Dawa inayohitajika ni asidi ya foliniki, ambayo wengi hospitalini huiita lukovorini. Hiyo imekwisha kuvuka mlango, seli huitumia moja kwa moja. Kwa kawaida kiasi chake hakipungui miligramu za methotrekseti iliyozidi, nayo hurudiwa kila baada ya saa 6, lakini muda wa kuendelea nayo huamuliwa kwa kipimo cha damu na cha figo, kwa hiyo hilo si jambo la kununua dukani na kujipimia. Majina ya dawa hizi mbili yanafanana mno, na nimewahi kuona mtu aliyetumwa foliniki akarudi na foliki.

Mama Apio amegusa jambo jingine bila kukusudia. Kidonge cha foliki ni kidogo na cha manjano, na vidonge vya methotrekseti vya miligramu 2.5 vya watengenezaji wengi navyo ni vidogo na vya manjano. Vikitolewa katika pakiti na kuwekwa katika bahasha mbili za namna moja, kinachovitenganisha ni mwandiko wa kalamu tu.

Nilipokuwa kazini tulipokea msichana aliyeruhusiwa kutoka hospitali fulani akiwa na karatasi iliyobadilisha ratiba za dawa hizo, foliki siku ya Ijumaa na methotrekseti kila siku. Familia ilifuata karatasi kwa uaminifu. Walipokuja ilikuwa wiki ya pili. Midomo yake ilikuwa imechubuka na kuganda damu, alikuwa akiyaacha mate yatoke kwa sababu hakuweza kuyameza, joto lilikuwa limepanda, na mapajani kulikuwa na madoa madogo mekundu ambayo mama yake aliyadhania kuwa ni viroboto. Chembe nyeupe zilikuwa chini ya 1,000 katika mikrolita moja ya damu, na chembe sahani zilikuwa zimeshuka vilevile. Alipewa foliniki ya mshipa, viuavijasumu na damu, akalazwa muda mrefu, akapona. Wapo wasiopona. Vifo vya namna hii vimeripotiwa katika nchi nyingi, zikiwamo zenye hospitali kubwa na kompyuta kila dawati.

Baba Kato (Jinja), Jumapili, saa 8:15 mchana

Nimeelewa, na ninaondoa ushauri wa kuendelea. Bado nina swali. Kama vidonge vinne kwa wiki ni sahihi kwa mtoto wa kilo 20, na mimi mwenye kilo 74 nameza sita tu, je, hapo mwanzoni daktari hakumwandikia mtoto dozi kubwa kupita kiasi? Isije ikawa kosa lilianzia Kampala.

Mfamasia Mstaafu (Kampala), Jumapili, saa 9:05 alasiri

Swali la haki, na jibu lake ni hapana. Kwa watoto hatupimi dawa hii kwa kilo peke yake, tunatumia eneo la mwili, kwa sababu watoto huitoa mwilini haraka kuliko watu wazima, na kwa uzito wao huhitaji zaidi. Chukua urefu wa mtoto, sentimita 115, zidisha kwa uzito, kilo 20, utapata 2,300. Gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, utapata karibu 0.8, yaani mita ya mraba 0.8. Katika baridi yabisi ya watoto kiasi kinachokubalika ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, mara moja kwa wiki. Kwa binti huyu ni kati ya miligramu 8 na 12. Vidonge vinne vya miligramu 2.5 ni miligramu 10, katikati kabisa, na tena havihitaji kukatwa. Daktari aliandika vizuri.

Kosa liko kwenye bahasha. Mfumo wetu wa kuandika "1×3" au "2×2" ulitengenezwa kwa dawa za malaria, za kikohozi na za maumivu, na namba ya pili siku zote humaanisha mara ngapi kwa siku. Hakuna mahali pa kuandika wiki. Muuzaji aliyeandika "4×1" pengine alimaanisha vinne kwa mara moja, lakini bibi alisoma kama Mganda yeyote angesoma, na wala halaumiwi. Bahasha ya dawa hii yafaa iandikwe kwa maneno: "Vidonge 4, IJUMAA TU, mara moja kwa wiki, kwa ajili ya viungo." Wakala wa Dawa wa Ulaya mwaka 2019 ulitoa masharti mapya kwa sababu ya makosa hayahaya, na Uingereza mwaka uliofuata ikasisitiza kwamba siku ya wiki ichaguliwe pamoja na mgonjwa na iandikwe kwa jina zima.

Nesi wa Bwera (Kasese), Jumapili, saa 9:30 alasiri

Ningeongeza kwamba mtoaji wa dawa asitoe vidonge vya zaidi ya wiki nne kwa mara moja. Vidonge 16 vikiwa ndani ya nyumba, kosa lina mpaka. Wale wanaouziwa mia moja kwa sababu kopo limefunguliwa ndio ninaowaogopea.

Mama Nasra (Arua), Jumapili, saa 3:45 usiku

Tumerudi. Daktari wa zamu alisikiliza, akapiga simu Kampala kwa bingwa wetu, na hakutuchukulia kama watu wa kujisumbua bure. Wamechukua damu. Chembe nyeupe ni 6,200, chembe sahani 310,000, figo na ini viko sawa. Foliniki ilipatikana kwa sababu hospitali huiweka kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, amepewa ya kwanza wakiwa wanamtazama, na tumepewa nyingine kwa saa zilizoandikwa. Ibuprofeni imesimamishwa kwa muda. Tumeambiwa turudi Alhamisi kupima tena, na turudi usiku wowote akipata homa, vidonda vya mdomo, kuharisha, kutokwa damu puani au madoa kwenye ngozi.

Nimewauliza kuhusu foliki, na sasa nimechanganyikiwa zaidi. Daktari wa zamu anasema kwa kawaida yeye huandika miligramu 1 kila siku isipokuwa siku ya methotrekseti. Bingwa wetu anasema miligramu 5 Jumapili. Nani yuko sahihi?

Nesi wa Bwera (Kasese), Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Mimi nimefunzwa kuwa ya kila siku ni bora, kwa sababu mwili hauweki akiba ya foliki ya ziada kwa muda mrefu, kinachozidi hutoka na mkojo. Watoto wetu wa kliniki waliokuwa wakilalamika vidonda vya ulimi walipata nafuu tulipobadilisha kutoka wiki kwenda siku.

Mfamasia Mstaafu (Kampala), Jumatatu, saa 2:00 asubuhi

Hapa Nesi na mimi hatutakubaliana, na sidhani kama tunahitaji. Ratiba zote mbili zinatumika duniani. Faida ya foliki inajulikana: inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na inazuia vimeng'enya vya ini visipande, bila kuonekana kuipokonya methotrekseti kazi yake kwenye viungo, angalau kwa dozi hizi ndogo. Kuiruka siku ya methotrekseti ni desturi ya tahadhari zaidi kuliko jambo lililothibitishwa.

Mimi napendelea ya wiki kwa sababu mbili za hapa nyumbani. Kwanza, vidonge tunavyopata kwa wingi ni vya miligramu 5, na kumkatia mtoto robo kila siku ni kazi inayoishia kwenye makombo. Pili, nyumba ikiwa na kidonge cha manjano cha kila siku na kidonge cha manjano cha kila wiki, siku moja mtu atavibadilisha. Zote mbili zikiwa za wiki, hata zikibadilishwa, mtoto atameza kimoja cha methotrekseti Jumapili na vinne vya foliki Ijumaa, jambo ambalo ni baya kwa magoti yake lakini haliui. Nesi atasema kwamba hayo ni mawazo ya mtu wa stoo ya dawa, na atakuwa amesema kweli.

Foliki, iwe ya siku au ya wiki, haimlindi mtoto dhidi ya kosa la kumpa methotrekseti kila siku. Nimekutana na wazazi walioambiwa kwamba foliki ni kinga, wakaelewa kwamba ni kinga ya kila kitu.

Nesi wa Bwera (Kasese), Jumatatu, saa 2:25 asubuhi

Ni mawazo ya mtu wa stoo ya dawa. Lakini hoja ya kubadilishana vidonge nimeipokea.

Mama Apio (Lira), Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Nami nimeipokea ile ya mlango. Mama Nasra, kama mna mtoto mwingine nyumbani anayetumia foliki kila siku kama wangu, tenganisheni makopo kabisa. Kwangu dawa za selimundu ziko jikoni juu ya kabati, na sasa nawaza ingekuwaje kama mtoto wa dada yangu angekuja kukaa nasi na bahasha kama hiyo.

Mama Nasra (Arua), Alhamisi, saa 10:20 jioni

Habari za leo. Jumatano asubuhi alikataa chai akisema inamchoma, nikamulika kwa simu nikaona kidonda kimoja kidogo cheupe ndani ya mdomo wa chini, kama ukubwa wa punje ya dengu. Hana homa. Leo chembe nyeupe zimeshuka hadi 3,900, chembe sahani 240,000, figo na ini bado sawa. Bingwa ameagiza kesho Ijumaa asipewe methotrekseti, arudie kipimo Jumatano, ndipo aamue. Nikauliza kama magoti hayatavimba tena kwa kukosa wiki moja. Amesema dawa hii huchukua wiki 6 hadi 12 kujenga nguvu yake, na haipotei kwa kuruka dozi moja.

Mtu mmoja kwenye foleni alisema chembe 3,900 si mbaya, kwamba yeye huwa nazo chini ya hapo. Nikae na amani?

Mfamasia Mstaafu (Kampala), Alhamisi, saa 11:05 jioni

Kwa mtu mzima huenda namba hiyo ingepita bila maneno, lakini mtoto wa miaka 7 kwa kawaida huwa juu zaidi, na la kutazama hapa ni kwamba alikuwa 6,200 siku chache zilizopita. Mwelekeo ni wa kushuka, na bado hatujafika siku ambazo kwa kawaida chembe hufika chini kabisa. Kwa hiyo kipimo cha Jumatano ni cha lazima hata kidonda kikipona kesho. Waombe wakuonyeshe namba ya zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, siyo jumla peke yake. Homa ikitokea kabla ya hapo, hata ya nyuzi 38 tu, usimtibu malaria nyumbani ukasubiri. Apimwe malaria, ndiyo, lakini hospitalini, na damu kamili ipimwe siku hiyohiyo.

Kidonda mpe maji ya chumvi ya uvuguvugu asukutue, chakula laini kisicho na pilipili wala ndimu.

Baba Kato (Jinja), Alhamisi, saa 1:30 usiku

Swali langu la mwisho, na hili ni langu mwenyewe. Ijumaa nyingine mimi husafiri na kusahau. Huwa nameza Jumatatu nikikumbuka, kisha Ijumaa naendelea. Kwa mazungumzo haya nimeanza kuingiwa na wasiwasi.

Nesi wa Bwera (Kasese), Alhamisi, saa 1:50 usiku

Wasiwasi wako ni wa haki. Ukikumbuka Jumamosi au Jumapili, meza, kisha wiki inayofuata rudi Ijumaa yako. Zikipita siku mbili, iache kabisa mpaka Ijumaa ijayo. Jumatatu mpaka Ijumaa ni siku nne tu. Na usimeze kumi na mbili ili kufidia.

Mama Nasra (Arua), Jumatano, saa 9:15 alasiri

Chembe nyeupe 5,100, kidonda kimekauka. Bingwa amesema Ijumaa hii arudi kwenye vidonge vinne, damu ipimwe tena baada ya wiki mbili. Amekubali foliki ibaki ya Jumapili kwa sasa, ingawa daktari wa zamu wa hapa bado anatikisa kichwa.

Nilirudi kwenye duka lile na bahasha. Muuzaji aliisoma, akasema hivyo ndivyo wanavyoandika dawa zote. Nikamwomba aandike "Ijumaa tu" kwa kalamu nyekundu, akaandika. Kuhusu wateja wengine wa dawa hiyo hakunijibu.

Mfamasia Mstaafu (Kampala), Jumatano, saa 9:40 alasiri

Jambo hilo liripoti kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Makosa ya utoaji dawa nayo hupokelewa huko, si dawa bandia tu. Taja maandishi ya bahasha kama yalivyo na uweke picha yake. Vidonge vilivyobaki kwenye bahasha ya zamani virudishe hospitali, usivichanganye na vipya, na bibi aonyeshwe Ijumaa hii mtoto anapomeza, ili naye ajue kwamba kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi hakuna kidonge cha dawa hiyo kinachotoka.